Kutoka barua pepe 43 hadi nusu ukurasa: jinsi ya kumwandikia mkurugenzi taarifa fupi

Mkurugenzi anapiga simu: "Hivi lile suala la mfumo wa mishahara limefikia wapi? Niandikie kidogo nilione leo." Unafungua kikasha chako na kukuta mjadala wa barua pepe 43. Umeandikwa na watu saba kwa siku kumi na sita, na nusu yake ni "Asante, nimepokea". Mkurugenzi hakuwekwa kwenye nakala hata moja. Hajui chochote kilichosemwa humo, wala hana muda wa kukijua chote.

Wengi wetu huanza juu na kufupisha kila barua kwa sentensi moja, kisha tunaondoa zile zisizo na maana. Kinachopatikana ni mjadala uleule uliopunguzwa ukubwa: tarehe 2 fulani alisema hivi, tarehe 5 mwingine akajibu vile. Mkurugenzi anausoma hadi mwisho, kisha anapiga simu tena kuuliza lilelile aliloliuliza asubuhi. Mjadala hufuata mpangilio wa muda, lakini yeye ameuliza hali ya sasa. Barua ya tarehe 5 inaweza kuwa imefutwa na ya tarehe 9, na ya tarehe 9 ikawa imesahihishwa tarehe 10 mahali ambapo hakuna aliyepaona. Kwa hiyo kazi ya kuandika ni ndogo. Sehemu kubwa ya kazi ni kujua, kati ya yote yaliyosemwa, lipi bado ni kweli leo na nani ana haki ya kulisema.

Nitatumia kisa kimoja mwanzo hadi mwisho. Nimekitunga, lakini kila mtego uliomo nimewahi kunaswa nao.

Kisa chenyewe

Taasisi yenye wafanyakazi 612 inahama kutoka mfumo wa zamani wa mishahara kwenda mpya. Mpango ulikuwa mishahara ya Juni, inayolipwa tarehe 30, ilipwe kwa mfumo mpya. Mjadala ulianza Jumatatu tarehe 2 Juni. Waliomo ni wewe unayeratibu mradi, mkuu wa utumishi, karani wake, mhasibu mkuu, fundi wa TEHAMA, mkaguzi wa ndani na mwakilishi wa kampuni iliyouza mfumo mpya. Leo ni Jumatano tarehe 18 Juni.

Ukiupitia kwa haraka unaona hivi. Taarifa za wafanyakazi zilihamishwa, namba 38 za akaunti za benki zikaharibika, zikasahihishwa. Jaribio likafanyika, likatoa tofauti kadhaa. Mhasibu mkuu hataki kulipa kwa mfumo mpya hadi mifumo yote miwili ikokotoe kwa pamoja mwezi mzima. Mkuu wa utumishi anasema wafanyakazi walishatangaziwa Juni. Zikafuata barua kumi na moja za kubishana nani aliruhusu tangazo hilo. Mwishoni uliandika wewe mwenyewe: "Basi naona tunaelekea Julai kuwa mwezi wa majaribio na Agosti kuanza rasmi." Hakuna aliyejibu.

Taarifa ya haraka ingekuwa: akaunti zimesahihishwa, tumekubaliana kuanza Agosti, kazi inaendelea. Sentensi hiyo ina makosa mawili, na imeacha jambo moja ambalo lisiposhughulikiwa hadi Ijumaa hakuna atakayeweza kulirekebisha.

Hatua ya kwanza: hakikisha una mjadala wote

Kabla ya kusoma, tafuta vipande vilivyopotea. Kwenye Gmail, mtu akibadilisha kichwa cha barua, mazungumzo hukatika na kuanza mapya. Hukatika pia yakizidi barua 100. Halafu kuna yule anayebonyeza "jibu" badala ya "jibu wote", na kuanzia hapo watu wawili wanazungumza pembeni huku wengine wakidhani kimya kimetanda.

Kwa hiyo usitegemee ule mfululizo ulio mbele yako. Tafuta kwenye kikasha kizima kwa maneno matatu au manne ya suala lenyewe, mbali na kichwa cha barua. Kwa kisa chetu ningetafuta "mishahara", "leseni", "jaribio" na jina la mfumo. Neno "leseni" linaleta barua ya tarehe 12 yenye kichwa tofauti kabisa. Karani wa utumishi alikuwa amekutumia wewe na bosi wake nakala ya mkataba wa mfumo wa zamani, bila maelezo zaidi ya "kwa kumbukumbu". Ndani ya kiambatisho, kipengele kimoja kinasema leseni inaisha tarehe 30 Juni, na anayetaka kuiongeza atoe taarifa ya maandishi si chini ya siku 10 kabla. Siku 10 kabla ya tarehe 30 ni tarehe 20, yaani kesho kutwa.

Katika barua zote 43, hakuna aliyetaja tarehe 20. Fungua viambatisho. Najua inachosha.

Hatua ya pili: soma ya mwisho kwanza, kisha rudi mwanzo

Barua mbili au tatu za mwisho zinakuonyesha watu wanagombania nini sasa. Ukizisoma kwanza, utazisoma za mwanzo ukijua unatafuta nini. Baada ya hapo anza ya kwanza kabisa na ushuke bila kuruka.

Sehemu ya hatari ni maandishi yaliyonukuliwa. Programu za barua pepe huficha nukuu za barua zilizotangulia, Gmail kwa mfano huziweka nyuma ya vitone vitatu, na kwa kawaida hilo ni jema kwa sababu nukuu ni marudio. Tatizo ni watu wanaojibu ndani ya nukuu. Mtu anaandika juu "Tazama majibu yangu hapo chini kwa rangi nyekundu", kisha majibu yenyewe yako ndani ya kile kilichofichwa. Barua ikishajibiwa mara mbili, rangi nayo huenda imepotea. Ukiona "tazama hapo chini", au barua yenye mstari mmoja tu kutoka kwa mtu ambaye kwa kawaida hueleza kwa urefu, fungua vitone na usome mstari kwa mstari.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa tarehe 10 Juni. Siku moja kabla, mkuu wa utumishi alikuwa ameandika: "Akaunti 38 zimeshasahihishwa." Karani wake alijibu juu kwa neno moja, "Nimeona". Ndani ya nukuu, chini ya sentensi ya bosi wake, aliandika: "31 tu. 7 zinasubiri uthibitisho wa benki."

Hatua ya tatu: weka daftari, na upime uzito wa kila kauli

Hapa ndipo muda wako mwingi utakwenda, na ndipo taarifa nzuri inapotengenezwa. Chukua karatasi au fungua jedwali, uweke safu nne: tarehe, nani, amesema nini, na ni kauli ya aina gani. Usiandike kila barua. Andika zile tu zinazobadilisha hali ya mambo. Katika barua 43 usishangae zikibaki tisa au kumi.

Aina za kauli nazigawa tano. Kuna jambo lililotokea, kwa mfano "jaribio limekamilika". Kuna uamuzi, yaani mtu mwenye mamlaka amesema tufanye hivi. Kuna ahadi, ambayo lazima iwe na mtu na tarehe. Kuna maoni. Na kuna swali ambalo halijajibiwa. Ugumu ni kwamba watu hawaandiki barua zao wakizipa alama hizo, na lugha yetu ya adabu inafanya mengi yafanane. "Nitajitahidi" hugeuka ahadi mtu akiisoma kwa haraka. "Ingefaa tukasubiri" husomeka kama maoni, lakini ikitoka kwa mhasibu mkuu, ambaye bila saini yake fedha hazitoki, huo ni uamuzi uliovishwa nguo ya upole. Kinyume chake, "tusiendelee kabisa" ya mwakilishi wa muuzaji ni maoni hata akiyaandika kwa herufi kubwa, kwa sababu si wa kuamua.

Ukifika kwenye kauli mbili zinazopingana, kuna kanuni inayovutia kuifuata, kwamba ya mwisho ndiyo sahihi. Mara nyingi inafanya kazi, lakini si kila mara. Kwenye kisa chetu, tarehe 16 mkuu wa utumishi alirudia: "Suala la akaunti tulishamaliza." Kwa tarehe, kauli yake ndiyo mpya. Lakini karani ndiye anayepiga simu benki na kushika faili. Kwa jambo lililotokea, mwamini aliye karibu zaidi na kazi yenyewe, kisha mthibitishe. Kwa uamuzi, mwamini mwenye mamlaka ya kuamua. Tarehe ni ya kuangalia baada ya hayo mawili.

Tarehe zenyewe zinahitaji kutafsiriwa. "Kesho", "Ijumaa", "wiki ijayo" na "mwisho wa mwezi" zina maana siku ile tu zilipoandikwa. Zihesabu kutoka tarehe ya kutumwa, kisha andika siku na tarehe kamili kwenye daftari lako. Fundi wa TEHAMA aliandika Jumanne tarehe 17: "Tofauti zilizobaki nitazitolea majibu ndani ya siku nne za kazi." Anayehesabu siku za kawaida anapata Jumamosi tarehe 21. Siku za kazi ni Jumatano, Alhamisi, Ijumaa na Jumatatu, kwa hiyo jibu ni Jumatatu tarehe 23. Ukimwandikia mkurugenzi "wiki hii", umemwahidi kitu ambacho fundi hakukiahidi.

Na kimya. Kimya ndicho kilichowahi kuniumbua mimi binafsi. Niliwahi kuandika "wote tumekubaliana" kwa sababu nilikuwa nimetuma pendekezo na hakuna aliyelipinga kwa siku tatu. Mmoja wa wale "wote" alikuwa likizo, na mwingine alikuwa amekasirika kiasi cha kukataa kujibu. Mkurugenzi alilitaja kwenye kikao kama jambo lililokwisha, na yule aliyekasirika akasimama. Tangu hapo, kwenye daftari langu, mtu asiyejibu hupewa mstari wake kama wengine, nikaandika: hajajibu.

Hivi ndivyo daftari la kisa chetu linavyoonekana likiisha:

Tarehe 2, mratibu: mfumo mpya kulipa Juni. Uamuzi wa mwanzo, sasa unapingwa.
Tarehe 5, fundi: akaunti 38 zimeharibika. Limetokea.
Tarehe 9, mkuu wa utumishi: zote zimesahihishwa. Linapingwa na linalofuata.
Tarehe 10, karani: 31 tayari, 7 zinasubiri benki. Limetokea, thibitisha.
Tarehe 12, mkataba: taarifa ya kuongeza leseni mwisho tarehe 20. Masharti.
Tarehe 12, mhasibu mkuu: mwezi mzima mifumo yote miwili kwanza. Uamuzi.
Tarehe 16, fundi: jaribio limeisha, wafanyakazi 14 kati ya 612 wana tofauti. Limetokea.
Tarehe 17, fundi: chanzo cha 9 kimejulikana, 5 atajibu ifikapo tarehe 23. Limetokea, pamoja na ahadi.
Tarehe 17, mratibu: Julai majaribio, Agosti kuanza. Pendekezo. Mkuu wa utumishi hajajibu.

Mistari tisa. Yale mabishano ya barua kumi na moja hayamo, kwa sababu hakuna kilichobadilika baada yake.

Hatua ya nne: tafuta jambo ambalo mkurugenzi peke yake anaweza kulifanya

Tazama daftari na ujiulize: kati ya haya, lipi limekwama kwa sababu linamsubiri yeye? Usipolipata, taarifa yako ni ya kumjulisha tu, na ni vizuri umwambie hivyo waziwazi ili asitafute ombi lisilokuwepo. Ukilipata, taarifa nzima itajengwa kuzunguka hilo.

Unganisha mstari wa mkataba na ule wa mhasibu mkuu. Kama Julai mifumo yote miwili itakokotoa, mfumo wa zamani lazima uwe hai hadi mwisho wa Julai. Leseni yake inaisha tarehe 30 Juni. Kuiongeza kunahitaji barua iliyosainiwa, na mwenye kusaini mikataba ni mkurugenzi. Mwisho ni Ijumaa. Jambo hili halikuandikwa na mtu yeyote. Limezaliwa na kauli mbili za watu wawili ambao hawakuwa wakizungumza wao kwa wao. Mjadala mrefu mara nyingi huwa na kitu cha namna hii, na huwezi kukipata kwa kufupisha barua moja moja.

Hatua ya tano: piga simu mbili kabla ya kuandika

Daftari litakuwa limekuonyesha palipo laini. Kwetu ni pawili: zile akaunti 7, na kimya cha mkuu wa utumishi. Usiulize kwa barua pepe, utaongeza ya 44. Piga simu, na uliza swali lenye jibu fupi.

Kwa karani: "Dada, zile akaunti zilizokuwa zinasubiri benki, leo asubuhi zimebaki ngapi?" Anajibu saba, bado.

Kwa mkuu wa utumishi: "Mama, namwandikia mkurugenzi leo mchana. Niandike kwamba umekubali Julai iwe ya majaribio na Agosti tuanze, au niandike kwamba bado?" Swali likiwekwa hivyo, kimya kinakwisha. Anasema anakubali, mradi wafanyakazi watangaziwe kabla ya tarehe 23, wasije wakasikia mitaani. Hilo ni sharti, na sharti husafiri pamoja na kukubali kwake. Ukiandika "amekubali" ukaacha "mradi", umemwekea maneno mdomoni.

Na kuhusu zile 7, mwambie palepale kwenye simu kwamba karani amethibitisha bado zipo. Asije akalijua hilo kupitia kwa mkurugenzi. Dakika moja ya simu inamkinga karani pia, maana ndiye aliyemsahihisha bosi wake kwa maandishi.

Hatua ya sita: andika

Mpangilio ninaoutumia una sehemu nne, kwa mfuatano huu: hali ilivyo sasa, ninachoomba, sababu, na kisichojulikana bado. Lenga maneno kati ya 100 na 150. Kipimo changu ni simu ya mkononi: ombi lionekane kabla hajaanza kusogeza kioo.

Anza na kichwa cha barua, kwa sababu huenda ndicho pekee atakachokisoma akiwa kwenye kikao. "Re: Re: Fwd: Mishahara" hakimwambii kitu. Andika kichwa kipya chenye suala, ombi na tarehe. Anza pia barua mpya kabisa. Ukiusambaza ule mjadala na kuweka taarifa yako juu, umempelekea barua 43 na mabishano yote yaliyomo, pamoja na maneno ambayo watu waliyaandika wakijua hayupo.

Salamu iwe moja. Heshima kwa mkubwa ni lazima, lakini mstari wa "natumaini barua hii inakukuta ukiwa buheri wa afya, na kwamba majukumu yanaendelea vema" unasukuma ombi chini ya kioo.

Hii hapa barua yetu:

> Kichwa: Mfumo wa mishahara: naomba saini yako kabla ya mwisho wa Ijumaa 20 Juni
>
> Ndugu Mkurugenzi, habari za kazi.
>
> Mfumo mpya wa mishahara hautalipa Juni kama ilivyopangwa. Utaanza kulipa Agosti. Mishahara ya Juni na Julai italipwa kwa mfumo wa zamani, na tarehe za malipo hazibadiliki.
>
> Ombi: saini yako kwenye barua iliyoambatishwa, ya kuongeza leseni ya mfumo wa zamani hadi 31 Julai. Kwa mujibu wa mkataba, mwisho wa kuitoa ni Ijumaa 20 Juni.
>
> Sababu: jaribio la 16 Juni lilitoa mishahara tofauti kwa wafanyakazi 14 kati ya 612, na akaunti 7 za benki hazijathibitishwa. Mhasibu Mkuu anataka mifumo yote miwili ikokotoe Julai nzima ndipo tuhame. Mkuu wa Utumishi amekubali, mradi wafanyakazi watangaziwe kabla ya 23 Juni.
>
> Bado haijulikani: chanzo cha tofauti 5 kati ya zile 14. TEHAMA watatoa jibu Jumatatu 23 Juni, nami nitakuandikia siku hiyo.

Angalia sentensi ya kwanza. Imebeba habari mbaya, tena bila kutayarisha masikio. Kishawishi cha kuanza na "Mradi unaendelea vizuri isipokuwa changamoto chache" ni kikubwa, hasa kama mradi ni wako. Lakini mkurugenzi akisoma "unaendelea vizuri" anaweza kufunga barua hapo, na saini isipatikane. Sentensi inayofuata inajibu hofu yake ya kwanza kabla hajaiuliza: je, watu watalipwa?

Angalia pia kilichoachwa. Akaunti 38 ziliharibika kwa sababu faili lilifunguliwa kwenye Excel, ambayo huichukulia namba ya akaunti kama namba ya kawaida na kufuta sifuri za mwanzo. Ni habari nzuri kwa fundi, na mimi mwenyewe naipenda, lakini haibadilishi saini ya Ijumaa. Namba 38 yenyewe imeachwa, kwa sababu kilichopo leo ni 7. Nani alitangaza Juni bila ruhusa, nalo limeachwa. Mkurugenzi akitaka kumtafuta mkosaji atauliza, na hapo utajibu kwa mdomo.

Kuna vitu vitatu ambavyo havikatwi hata barua ikizidi urefu. Cha kwanza ni sharti, kama lile "mradi". Cha pili ni mzani wa namba: 14 peke yake inatisha au haitishi kutegemea anayesoma, 14 kati ya 612 inaeleweka. Cha tatu ni mpinzani aliyebaki. Kama mkuu wa utumishi angekataa, ingeandikwa: "Mkuu wa Utumishi hajakubali, anataka Juni." Wala usimtafutie maneno laini. Taarifa inayoficha upinzani humfanya mkurugenzi aamue akiwa na nusu ya picha, kisha upinzani unamkuta mbele za watu.

Hatua ya saba: ijaribu kabla ya kutuma

Funika daftari lako, soma barua kana kwamba hujui lolote, na uliza: anaweza kujibu kwa neno moja, "Nimesaini" au "Hapana"? Kama itambidi aulize "leseni ipi?" au "kwani kuna tatizo gani?", kuna sentensi inayokosekana. Kisha chukua kila namba na kila tarehe ndani ya barua na uifuate hadi kwenye mstari wake wa daftari au kwenye jibu ulilopewa kwa simu. Barua yetu ina namba chache, haitakuchukua dakika tano. Ikiwa kuna namba isiyo na chanzo, umeibuni au umeikumbuka vibaya.

Angalia viwakilishi pia. "Wamesema watamaliza" ni nani? Ndani ya mjadala "wao" alieleweka, nje yake hafahamiki. Na "tu" ya "tumekubaliana" iwe na majina ya vyeo nyuma yake, la sivyo iondoe.

Kuhusu nakala: niliowataja kwa vyeo nawaweka kwenye nakala, mhasibu mkuu, mkuu wa utumishi na fundi. Kwanza, wataona nimewanukuu vipi, na aliyenukuliwa vibaya atasema leo badala ya wiki ijayo. Pili, ule mjadala wa barua 43 unapata mwisho, kwa sababu kila mmoja sasa ana ukurasa mmoja unaosema tulipo. Mwakilishi wa muuzaji wa mfumo mpya simweki. Kwa nini tunasitasita kuuanza ni mazungumzo ya ndani.

Ikitokea, baada ya kutuma, benki ikathibitisha akaunti zote 7 jioni ileile, usitume barua nzima upya. Jibu barua yako mwenyewe kwa mstari mmoja: "Badiliko: akaunti 7 zimethibitishwa leo saa kumi jioni. Ombi la saini liko palepale." Hayo maneno ya mwisho usiyasahau, kwa sababu msomaji aliyeona tatizo moja limeondoka atadhani na ombi nalo limeondoka.